Salio la masurufu: lirudishwe benki, likatwe kwenye mshahara, au lisubiri safari ijayo?

Mtumishi amerudi safari. Ana bahasha ya risiti, fomu ya marejesho ameijaza nusu, na kwenye pochi bado zimo fedha za ofisi. Mhasibu naye anataka kuyafunga masurufu hayo kabla ya mwezi kuisha. Swali linalobaki mezani ni moja: kilichobaki kirudi kwa njia gani?

Ofisi nyingi zina njia tatu. Mtumishi aweke mwenyewe fedha benki au kwa keshia. Ofisi imkate kwenye mshahara. Au salio lihamishiwe kwenye masurufu ya safari inayofuata, apewe pungufu. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la masurufu, na nimeona njia ikichaguliwa kwa sababu tu ndiyo iliyo nyepesi siku hiyo. Kazi inayofuata baada ya uchaguzi wa namna hiyo ni kubwa kuliko ile iliyokwepwa, na mara nyingi anayeumia ni mtumishi wa mshahara mdogo. Kwa hiyo nitazilinganisha njia hizi kwa kesi moja, hatua kwa hatua.

Kwanza tenganisha fedha mbili

Fomu nyingi za marejesho zina mstari mmoja chini: "salio linalodaiwa". Mstari huo unajumlisha vitu viwili visivyofanana. Kuna fedha ambayo haikutumika kabisa, na kuna fedha iliyotumika lakini risiti yake imekataliwa. Ya kwanza bado ipo, iko mkononi mwa mtumishi au kwenye simu yake. Ya pili imeshaondoka. Iko kwa mwenye kituo cha mafuta au mwenye gesti, na mtumishi akiambiwa airudishe itabidi atoe yake.

Tofauti hii ndiyo inayoamua njia, kuliko ukubwa wa kiasi. Fedha iliyopo irudi yenyewe, haraka, ilikotoka. Fedha iliyokwisha kutumika inahitaji muda wa kubishaniwa, na ikithibitika kuwa ni deni, inahitaji muda wa kulipwa.

Tuchukue kesi. Tarakimu ni za mfano. Weka sarafu yako. Mratibu wa mradi alipewa masurufu ya 1,200,000 kwa safari ya mafunzo: hoteli usiku 4 kwa 480,000, nauli 200,000, ukumbi 300,000 na mafuta ya gari 220,000. Mafunzo yakaisha siku moja kabla. Akarudi tarehe 14, na siku chache baadaye akaleta risiti hizi: hoteli usiku 3, 360,000, nauli 170,000, ukumbi 300,000, mafuta 190,000. Jumla 1,020,000. Kwa hesabu yake mwenyewe, anatakiwa kurudisha 180,000.

Mhasibu akapitia risiti moja moja. Kati ya zile za mafuta, moja ya 60,000 ilikuwa na tarehe 16, siku mbili baada ya gari kurudi, na namba ya gari haikuandikwa. Akaiweka pembeni. Matumizi yaliyokubaliwa yakawa 960,000, na fomu ikaonyesha anadaiwa 240,000.

Hiyo 240,000 usiikate. Igawe: 180,000 haikutumika, 60,000 ina mgogoro. Kuanzia hapa kila moja ina njia yake.

Kuweka benki au kwa keshia

Kwa zile 180,000, njia hii inazishinda nyingine zote, na sababu kubwa ni kwamba fedha inarudi kwenye akaunti ileile iliyoitoa. Kama masurufu yalitoka akaunti ya mradi, mtumishi anapewa namba ya akaunti ya mradi, anaweka, analeta karatasi ya benki au ujumbe wa muamala, na keshia anamkatia stakabadhi ya mapokezi. Namba ya stakabadhi hiyo inaandikwa kwenye fomu ya marejesho kabla haijasainiwa. Ingizo la leja linakuwa hivi: debiti gharama za safari 960,000, debiti benki ya mradi 180,000, krediti masurufu ya watumishi 1,140,000. Kwenye jina lake zinabaki 60,000 tu, na kila anayesoma leja anaelewa ni nini.

Udhaifu wake upo kwenye ushahidi. Karatasi ya benki inaweza kughushiwa, na picha ya muamala wa simu inaweza kutumika mara mbili kwa safari mbili. Usiyafunge masurufu kwa kuona karatasi; yafunge baada ya kuuona muamala kwenye taarifa ya benki. Mwambie mtumishi aandike namba ya masurufu kwenye sehemu ya maelezo anapoweka, kwa mfano MS-0147. Watu watatu wakiweka 50,000 siku moja bila maelezo, mhasibu atabaki anakisia, na akikosea, mmoja atasomeka amelipa mara mbili na mwingine hajalipa.

Kwa taslimu kwa keshia kuna tahadhari moja ndogo: keshia asiitumie fedha hiyo kulipia kitu kingine kabla haijafika benki. Ikitokea hivyo, marejesho yapo kwenye karatasi lakini benki hayapo, na usuluhisho wa benki wa mwisho wa mwezi utakwama hapo.

Kukata mshahara

Hapa ndipo penye mengi, kwa sababu njia hii huonekana rahisi kuliko zote. Mhasibu anatuma namba kwa mtu wa mishahara, mwezi unaisha, deni limeisha. Chini ya urahisi huo kuna mambo manne ambayo kila moja limenipa kazi kwa wakati wake.

La kwanza ni idhini. Mshahara si fedha ya mwajiri kuichezea. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, unasema katika kifungu cha 8 kwamba makato yafanyike kwa masharti na kwa kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, au na mkataba wa pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi, na kwamba mfanyakazi ajulishwe masharti hayo. Sheria nyingi za kazi hudai ridhaa ya maandishi kwa deni la aina hii. Kwa hiyo ridhaa isainiwe siku ya kuchukua masurufu, kwenye fomu ileile ya maombi. Kuitafuta siku ya ugomvi ni kuchelewa. Maneno ninayoyapendelea ni haya:

"Nikishindwa kuleta marejesho ndani ya siku 7 baada ya kurudi, au nikibaki na kiasi ambacho sijakirudisha, naridhia kikatwe kwenye mshahara wangu baada ya kupewa taarifa ya maandishi yenye mchanganuo wa kiasi hicho na siku 5 za kukipinga, na makato ya mwezi mmoja yasizidi kiwango kinachoruhusiwa na sheria."

Neno "mchanganuo" lina kazi yake. Ridhaa inayosema tu "naridhia kukatwa deni lolote" inampa mhasibu nguvu ya kukata hata ile 60,000 ya mafuta ambayo haijathibitishwa, na mtumishi akienda kulalamika atakuwa na hoja nzito.

La pili ni kalenda. Mratibu wetu alirudi tarehe 14 na ana siku 7, yaani mpaka 21. Orodha ya mishahara inafungwa tarehe 20. Mtu wa mishahara atapiga simu tarehe 19 kuuliza makato ya mwezi huu, na mhasibu akitaka kuonekana makini atampa jina la mratibu pamoja na 1,200,000 nzima, kama fomu itakuwa bado haijamfikia. Mtumishi anakatwa kabla muda wake haujaisha. Akileta risiti tarehe 21, zinaanza barua za kurudishiwa. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba jina liingie kwenye orodha ya makato pale tu muda wa marejesho na muda wa kupinga vyote vimekwisha kabla ya siku ya kufunga. Kwa kesi hii, makato ya mapema kabisa ni ya mwezi unaofuata. Maana yake ni kwamba kwa njia ya mshahara fedha inarudi takribani wiki sita baada ya safari, wakati benki ingekuwa ndani ya wiki moja. Kama kipindi cha taarifa ya mradi kinaisha mwezi huu, taarifa itakwenda na deni la mtumishi ndani yake.

La tatu ni kiasi kinachoweza kukatwa. Mratibu ana mshahara wa 1,000,000. Makato ya kisheria ni 220,000, mkopo wa benki 300,000, kinachobaki mkononi ni 480,000. Tuseme kanuni ya pale inadai mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara, yaani 333,333. Nafasi iliyopo ni 146,667. Ukiikata 240,000 yote kwa mkupuo unavunja kanuni. Hata zile 180,000 peke yake hazitoshi humo. Lakini 60,000 inaingia bila shida. Hili ndilo linaloonyesha kwamba kugawa fedha mbili kuna faida: mtumishi ana 180,000 mkononi sasa hivi, anaweza kuiweka benki kesho, na bado mhasibu anataka kuipitisha kwenye mshahara usio na nafasi.

Kwa kiasi kisichoingia kwa mwezi mmoja, awamu zinakubalika. Ila awamu isiyo na kikomo ni hatari: mtu wa mishahara anaingiza 40,000 kila mwezi, deni linaisha mwezi wa nne, mfumo unaendelea kukata mwezi wa tano na wa sita kwa sababu hakuna aliyeuambia usimame. Programu nyingi za mishahara zina sehemu ya kuingiza salio la deni pamoja na kiasi cha awamu. Tumia zote mbili. Kama unatumia lahajedwali, weka fomula inayochukua kilicho kidogo kati ya salio lililobaki, awamu mliyokubaliana, na nafasi iliyopo baada ya kiwango cha chini kulindwa:

```
=MIN(B2, C2, MAX(0, D2-E2))
```

B2 ni salio la deni, C2 ni awamu, D2 ni mshahara unaobaki mkononi kabla ya kukata, E2 ni kiwango cha chini anachopaswa kubaki nacho. Salio likifika sifuri, makato nayo yanakuwa sifuri yenyewe.

La nne ni pale makato yanapoingia kwenye vitabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu makosa yake hayaonekani haraka.

Kuna kosa la kukata kabla ya kodi. Masurufu hayakuwa mapato ya mtumishi, kwa hiyo kuyarudisha hakupunguzi mapato yake. Makato haya yawekwe baada ya kodi na michango yote kukokotolewa. Ukiweka 60,000 juu ya mstari wa kodi, na kodi ya daraja lake la juu ni asilimia 20, kodi inapungua kwa 12,000. Mtumishi anabaki kama aliyelipa 48,000 tu, na mwajiri anadaiwa 12,000 na mamlaka ya kodi. Utajua kosa hili lipo ukilinganisha hati ya mshahara ya mwezi huu na ya mwezi uliopita: mshahara ni uleule, ila mapato yanayotozwa kodi yameshuka kwa kiasi kilekile cha deni.

Kuna kosa jingine, la kukata sahihi lakini kuandika mahali pasipo. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, makato ya masurufu yaliingizwa kwenye mishahara kwa msimbo wa "makato mengine". Fedha ilikatwa, lakini krediti ikaenda kwenye akaunti ya makato mengine pamoja na michango ya misiba na ya chama. Leja ya masurufu haikuguswa. Mwezi uliofuata orodha ya wadaiwa ilichapishwa kutoka leja ya masurufu, jina la dereva likawemo tena, akakatwa mara ya pili. Alikuja na hati mbili za mshahara zimekunjwa pamoja mfukoni mwa shati.

"Mama, hii ni ya mwezi wa juzi, hii ya jana," akasema, akazilaza mezani. "Safari ilikuwa moja."

Alikuwa sahihi. Nilifungua akaunti ya makato mengine na nikakuta salio la krediti ambalo halikuwa la chama wala la msiba. Lilikuwa limekaa tu, halina pa kwenda. Hiyo ndiyo dalili. Akaunti ya makato inapaswa kuisha kila mwezi baada ya kuwalipa wanaostahili. Ikibaki na kitu, kuna deni la mtu limelipwa na leja haijui. Tulimrudishia fedha yake wiki ileile, nje ya orodha ya mishahara, kwa sababu kumwambia dereva asubiri mwezi mwingine kwa kosa lisilo lake si haki. Ingizo sahihi ni jepesi: debiti mishahara inayolipwa 60,000, krediti masurufu ya watumishi 60,000, kwa jina lake na kwa namba ya masurufu yake. Na kabla ya kutuma orodha ya makato ya mwezi, leja ndogo ya kila mtumishi ijumlishwe na ilingane na akaunti ya jumla ya masurufu. Zikitofautiana, hakuna jina linalotumwa.

Halafu kuna suala la akaunti, ambalo wenye miradi inayofadhiliwa wanalijua vizuri. Mshahara unapokatwa, hakuna fedha inayoingia popote. Kinachotokea ni kwamba mwajiri anamlipa mtumishi pungufu ya 60,000, na pungufu hiyo inabaki kwenye akaunti iliyolipa mshahara. Kama mshahara unatoka akaunti kuu na masurufu yalitoka akaunti ya mradi, mradi bado haujapata kitu. Inabidi hamisho la 60,000 lifanyike kutoka akaunti kuu kwenda ya mradi, mwezi uleule. Bila hamisho hilo leja inaonyesha deni la mtumishi limeisha, ilhali benki ya mradi ina upungufu. Mkaguzi atalikuta, na swali lake litakuwa kwa nini fedha ya mfadhili inatumika kuendeshea ofisi. Ukirudi kwenye njia ya benki utaona suala hili halipo kabisa; fedha iliingia pale ilipotoka.

Kuhamishia safari ijayo

Njia hii inapendwa na wanaosafiri kila wiki. "Nina 180,000 yenu, wiki ijayo nakwenda tena, niongezeeni tu." Inaokoa safari ya kwenda benki, na kwa mtu anayetoka leo na kurudi kesho inaeleweka kwa nini anaitaka.

Mimi siipendi, na sababu yangu ni umri wa deni. Salio la safari ya kwanza likihamishiwa ya pili, na la pili kwenda ya tatu, leja inaonyesha kila mara deni jipya la wiki moja. Kumbe ndani yake kuna fedha ya miezi minane. Mtumishi anayeitumia fedha ya ofisi kwa shida zake anaweza kukaa mwaka mzima bila kuonekana, kwa kuwa masurufu mapya yanalipia marejesho ya zamani. Siku safari zikisimama ndipo shimo linaonekana, na wakati huo limekuwa kubwa kuliko mshahara wake. Ukitaka kujua kama jambo hili linaendelea kwako, chukua jina moja linalosafiri sana, panga masurufu yake yote kwa tarehe, na utafute siku ambayo salio lake lilikuwa sifuri. Kama huipati ndani ya miezi mitatu, mwite mkae mzungumze.

Pia kuna bajeti. Safari ya kwanza ililipwa na mradi mmoja, ya pili na mwingine. Ukihamisha salio umechukua fedha ya mradi wa kwanza kulipia ya pili.

Naikubali kwa hali moja tu: safari ya pili ni ya mradi uleule na kifungu kilekile cha bajeti, inaanza kabla ya siku 7 za marejesho kwisha, na masurufu ya kwanza yamefungwa kamili kwa fomu yake, risiti zote zikiwa zimekaguliwa. Hapo salio linahamishwa kwa hati yake yenye namba zote mbili za masurufu, kwa kiasi kilichokwisha kukubaliwa na pande zote. Kiasi chenye mgogoro hakihami kamwe.

Zikiwekwa pamoja

| | Benki au keshia | Mshahara | Safari ijayo |
|---|---|---|---|
| Fedha inayofaa | iliyobaki mkononi | iliyotumika, risiti ikakataliwa. Au aliyepuuza muda | iliyobaki mkononi, mradi uleule |
| Muda wa kurudi | siku chache | hadi mwezi ujao au zaidi | hairudi, inahama |
| Inaporudi | akaunti iliyoitoa | akaunti ya mshahara. Huenda ikahitaji hamisho | haiingii akaunti yoyote |
| Hatari kubwa | ushahidi wa kughushi, muamala bila maelezo | kukata mara mbili, kukata kabla ya kodi, kuvuka kiwango | deni la zamani kufichwa |
| Kinachotakiwa kwanza | stakabadhi na taarifa ya benki | ridhaa, mchanganuo, siku za kupinga | masurufu ya kwanza kufungwa |

Jedwali halisemi jambo moja ambalo lina uzito kwangu. Kati ya njia hizi, ni ya mshahara tu ambayo mwajiri anaweza kuitumia bila mtumishi kunyanyua mkono. Ndiyo maana inafaa kuwa ya mwisho. Inamfaa asiyeleta marejesho baada ya kukumbushwa, na aliyekubali deni lakini hana fedha ya kulipa kwa mara moja. Kwa mtu aliyekuja mwenyewe na salio mkononi, kumwambia "utakatwa" ni kumfundisha kwamba kurudisha kwa wakati hakuna faida.

Kuna tofauti moja ninayoiruhusu, kwa viwango vidogo. Salio likiwa dogo kiasi kwamba nauli ya kwenda benki na ada ya muamala inalikaribia, na mtumishi mwenyewe akaandika kwamba akatwe, mkate. Ofisi iweke kiwango hicho kwenye mwongozo wake wa fedha, kisiamuliwe dirishani.

Mtumishi anayeacha kazi ana hesabu yake. Mshahara wa mwisho hauna mwezi wa pili wa kusubiri, kwa hiyo masurufu yote yafungwe kabla hajasaini fomu ya kukabidhi vifaa. Dai la masurufu liwe mstari mmoja kwenye fomu hiyo, lisainiwe na mhasibu wa masurufu mwenyewe, si na mkuu wa idara. Nimeona malipo ya mwisho yakitoka huku masurufu yakiwa wazi, na baada ya hapo kilichobaki ni barua zisizojibiwa.

Kesi ilivyokwisha

Mratibu aliambiwa tarehe 17 kwamba 180,000 aiweke benki ya mradi akiandika MS-0147, na kwamba risiti ya 60,000 haijakubaliwa, kwa sababu mbili zilizoandikwa: tarehe na namba ya gari. Akaweka fedha tarehe 18. Muamala ulionekana kwenye taarifa ya benki siku iliyofuata, akakatiwa stakabadhi, na 1,140,000 zikafungwa.

Kuhusu mafuta, alirudi na daftari la safari za gari. Dereva alikuwa amejaza mafuta kituoni tarehe 13 kwa mkopo na kulipa tarehe 16, siku risiti ilipotolewa. Kilomita kwenye daftari zilikubaliana na lita, ila kwa sehemu: safari ilihitaji mafuta ya 45,000 na yaliyobaki 15,000 yalikuwa ya mizunguko ya baada ya safari, ambayo haikuwa kwenye kibali. Mhasibu akakubali 45,000 kwa maelezo yaliyosainiwa na msimamizi, akaibana nakala ya ukurasa ule wa daftari kwenye hati. Ikabaki 15,000.

Siku za kupinga zikaisha tarehe 26, baada ya mishahara ya mwezi ule kufungwa. Mwezi uliofuata 15,000 zikakatwa mara moja, baada ya kodi, krediti ikaenda kwenye masurufu kwa jina lake, na hamisho la 15,000 kutoka akaunti kuu kwenda ya mradi likapita siku ileile mishahara ilipolipwa. Kama mhasibu angeituma ile 240,000 kama fomu ilivyosema, mratibu angekatwa mara kumi na sita ya deni lake la kweli.